Namba ya Fundi Huyu Kaitoa Nani?

"Assalam alaykum jamani. Friji yangu haigandishi tangu jana. Nani ana fundi anayemwamini?"

Ujumbe wa namna hii ukitumwa usiku, baada ya sala ya Isha, katika kundi la WhatsApp la Kikwajuni, majibu hayachelewi. Wa kwanza ataweka namba peke yake, bila neno. Wa pili ataleta tangazo lenye picha ya friji mpya na maandishi ya rangi: tunatengeneza friji, viyoyozi na mashine za kufulia, tunakufuata ulipo. Wa tatu ataandika kuwa ana shemeji yake anafanya kazi hizo. Wa nne ataeleza hivi: "Alinitengenezea mwezi wa Ramadhani. Ilikuwa inaisha gesi kila baada ya wiki mbili. Huyu alitafuta panapovuja, akapaziba, ndipo akajaza. Mpaka leo inagandisha."

Muulizaji sasa ana namba nne, na katika kioo cha simu yake zote zinafanana. Lakini ni moja tu yenye mtu nyuma yake. Aliyetoa jibu la nne ametaja kazi iliyofanyika, wakati ilipofanyika na matokeo yake, naye ana friji nyumbani kwake ambayo jirani anaweza kwenda kuifungua akaona barafu. Aliyeleta tangazo la rangi pengine hajawahi hata kuzungumza na fundi huyo. Aliletewa na mwengine, naye akapeleka kwa nia njema kabisa.

Jibu la nne lina jambo jengine linalofaa kujulikana na kila mwenye friji. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inatoka. Fundi anayejaza gesi na kuondoka bila ya kutafuta tundu amemuuzia mwenye nyumba wiki chache za baridi. Wiki ya kwanza mteja anafurahi, na furaha hiyo ndiyo anayoiandika kwenye kundi: "Huyu fundi ni mzuri, kanimalizia leo leo." Ndiyo maana sifa iliyotolewa siku ile ile ya kazi haina uzito mkubwa. Ukitaka kumjua fundi, muulize aliyemsifu maswali machache: alikufanyia kazi gani hasa, lini, vipuri alinunua nani, na ilipoharibika tena alikuja au alizima simu. Swali la mwisho ndilo linalopambanua. Fundi yeyote kazi yake inaweza kuharibika. Wanaorudi ndio wachache.

Kikwajuni iko upande wa Ng'ambo, karibu na Mnazi Mmoja na Uwanja wa Mao Tse Tung. Ina majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na kando yake mitaa ya nyumba za chini zilizobanana, nyingi zikiwa na baraza mbele. Katika majumba hayo watu hujuana kwa ngazi. Wanaopanda ngazi moja wanajua nani mgonjwa, nani kasafiri na mtoto wa nani anarudi usiku, hata kama hawajui majina ya watu wa ngazi ya pili. Makundi ya simu yalipoingia yalifuata mkondo huo huo. Likawepo la ngazi au la jengo, kwa ajili ya taa za njiani, maji na taka. Likawepo la msikiti, la wazazi wa madrasa, la upatu, la waliosoma skuli pamoja. Na yakawepo makundi ya harusi na ya msiba, ambayo kwa kawaida yangefungwa baada ya shughuli, lakini mara nyingi hubaki. Harusi imekwisha, sahani zimerudishwa, na kundi limegeuka soko la madera, samaki na makochi.

Wamo pia wasiokaa Kikwajuni tena. Dada yuko Maskati, kaka yuko Dubai, ami yuko London. Hawa wana faida yao. Ndio wanaolipia fundi anapokwenda kutengeneza nyumba ya wazee, na wengine ndio wanaokumbuka kuwa fundi fulani aliwahi kukimbia na pesa za madirisha. Lakini pia ndio walio rahisi kudanganywa kuliko wote, kwa kuwa hawawezi kutoka mlangoni kwenda kutazama.

Kundi la ngazi moja lilikuwa na watu ambao kila mmoja aliweza kumwekea mwenzake sura. Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha kiwango cha watu katika kundi moja kutoka 256 hadi 512, kisha mwaka huo huo hadi 1,024. Wasimamizi wengi walifurahi, wakafungua milango, na kiungo cha kujiunga kikapita mkononi mwa kila mtu. Kundi la jengo likawa kundi la mtaa, la mtaa likawa la mji mzima. Jina limebaki lile lile, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanaendelea kuliamini kama walivyoliamini lilipokuwa la ngazi. Mtu akisoma "namjua, ni mtu wetu" katika kundi la watu mia tisa, "wetu" hiyo haina maana aliyoizoea.

Simu yenyewe hutoa alama za kumsaidia anayetaka kujua jambo limetoka wapi. Ujumbe uliopelekwa kutoka kwengine huwa na mshale mdogo juu yake. Ukiwa na mishale miwili, maana yake umepita katika mlolongo wa mazungumzo matano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tangazo la fundi lenye mishale miwili lina jambo moja la hakika: aliyelileta si aliyeliandika, na aliyemletea yeye pia hakuliandika. Alama hii ina upungufu wake. Mtu akinakili maandishi na kuyabandika upya, mshale haupo, na ujumbe wa mgeni unaonekana kana kwamba umeandikwa na jirani.

Ipo njia nyengine ambayo watu wachache huitumia. Ukigusa jina la mtu ndani ya kundi na kufungua taarifa zake, chini utaona makundi ambayo wewe na yeye nyote mumo. Mtu anayeuza kabati ambaye mko pamoja katika kundi la jengo, la madrasa na la upatu ana mengi ya kupoteza akikudhulumu. Atakutana na mama yako kwenye hitima. Mtu ambaye kundi mnaloshirikiana ni hilo moja kubwa tu hana cha kupoteza ila namba ya simu. Hilo halimfanyi kuwa tapeli, maana watu wengi wema wanahamia mjini bila ya kujuana na mtu. Linakuambia tu kuwa kwa huyu itakubidi uone kwa macho yako kile ambacho kwa yule wa kwanza ungeweza kusikia kwa wengine.

Huko Marekani tatizo hili la kujua nani kweli ni jirani walilitafutia dawa ya posta. Mtandao wa majirani uitwao Nextdoor, ulioanza mwaka 2011, ulikuwa ukimtumia anayetaka kujiunga kadi ya posta yenye namba ya siri hadi mlangoni kwake. Akiipata, basi kweli anakaa hapo. Kikwajuni barua hazifiki mlangoni, zinakwenda kwenye sanduku la posta. Lakini kuna sheha, ambaye kwa sheria za tawala za mikoa za Zanzibar ana wajibu wa kuweka kumbukumbu za wakaazi wa shehia yake na wanaohamia. Na kuna kitu chepesi zaidi, ambacho msimamizi yeyote anaweza kukitumia bila ya kumsumbua sheha: mtu haongezwi kwenye kundi la jengo mpaka aliyemo amtaje kwa jina, aseme anakaa ghorofa gani, na akubali kuulizwa akikosea. Mwenye kumdhamini mgeni asiyemjua hulifikiria jambo mara mbili akijua kuwa jina lake litabaki pale juu kwenye mazungumzo.

Nimeona wasimamizi wengine wakidai picha ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi itumwe ndani ya kundi. Nawaomba waache. Picha hiyo ina jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, na ikishaingia katika simu mia tatu haitoki tena. Tapeli anayetaka kujifanya mtu fulani hahitaji zaidi ya hapo. Kitambulisho kitazamwe kwa mkono, mlangoni, kirudishwe.

Sasa tuje kwenye samani, maana hapo ndipo makundi na tovuti za matangazo hukutana. Tumfuate dada mmoja wa mfano, mwalimu aliyehamishwa kutoka Pemba, amepata vyumba viwili ghorofa ya tatu Kikwajuni. Anataka kabati la nguo na friji, vyote vilivyokwisha kutumika. Ana simu, ana akiba ya shilingi 700,000, na hana ndugu wa karibu mjini.

Aanze na tovuti, lakini si kwa kununua. Kupatana, Jiji na soko la Facebook zina matangazo mengi, na Jiji ndiyo iliyochukua biashara ya OLX Tanzania mwaka 2019. Tatizo kwa mtu wa Unguja ni kwamba bidhaa nyingi ziko Dar es Salaam. Muuzaji husema atapakia kwenye boti, tuma pesa kwanza. Hapo mnunuzi analipia kitu asichokiona, kwa mtu asiyemjua, na bahari katikati. Nauli ya mzigo na uchukuzi wa bandari zote mbili ukizijumlisha, unafuu wa bei mara nyingi unakuwa umekwisha kabla friji haijafika Malindi. Lakini tovuti zinafaa sana kwa jambo moja ambalo kundi haliwezi kulifanya vizuri: kuonesha bei. Dada yetu akitazama matangazo kumi na tano ya friji za milango miwili zilizotumika, atajua zinaulizwa kiasi gani. Tuseme nyingi ziko kati ya 380,000 na 500,000. Ikitokea moja ya 150,000, picha zake zinang'aa kama za dukani, na mwenyewe "anasafiri kesho", aipite. Bei hiyo imewekwa ili mtu asipate muda wa kufikiri.

Akishajua bei, aingie kwenye kundi na kuuliza kwa ukamilifu. "Natafuta friji" italeta kelele. "Natafuta friji ya milango miwili, imetumika, isiyozidi laki nne na nusu, ipo hapa mjini, nije kuiona ikiwa inawaka" italeta majibu machache yenye maana. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayochuja. Mwenye friji mbovu hujibu kuwa ameshaizima, ameshaisafisha, iko stoo.

Akifika, friji iwe imewashwa tangu asubuhi. Aguse ukuta wa sehemu ya kugandisha: barafu iwe imetanda sawasawa, isiwe kipande kimoja kidogo karibu na mahali bomba linapoingilia, maana hiyo ni dalili ya gesi kupungua. Asikilize mashine: inatakiwa kuwaka, kufanya kazi, kisha kupumzika. Ikinguruma bila ya kupumzika wakati friji imejaa baridi, kuna kasoro. Achukue kipande cha karatasi, akibane kwenye mlango, akivute. Kikitoka bila ya kukamatwa, mpira wa mlango umechoka, na baridi anayoilipia kwa tokeni za TUKUZA itakuwa inatoka nje usiku na mchana. Ageuze friji atazame nyuma na chini, kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma, na kutu kwenye mabomba membamba ndiyo huleta yale matundu tuliyoyataja mwanzo. Na asome kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Friji iliyoletwa na kontena kutoka nchi inayotumia volti 110 haifai kwake, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kabati lina maradhi yake. Makabati mengi yaliyotumika yanayouzwa mjini ni ya mbao za unga ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Hayapendi unyevu. Apige goti atazame miguu na ukingo wa chini kabisa, sehemu inayogusana na sakafu inayopigwa deki. Ikiwa imevimba na karatasi imeachana, kabati hilo halitavumilia kuhamishwa mara nyengine, maana skrubu hazishiki tena kwenye unga uliolegea. La mbao za kweli, kama msaji au mkangazi, ni zito, na ndani ya droo, pasipopigwa msasa, huonekana mistari ya mti. Hilo nalo likaguliwe matundu madogo yenye unga mpya chini yake. Unga mpya maana yake mdudu bado yumo. Kitanda au kochi likaguliwe kwenye maungio na mishono kwa tochi ya simu: madoa meusi madogo ni ya kunguni, na kunguni wakiingia katika jengo la ghorofa hawakai kwa aliyewaleta peke yake. Hapa jirani mwema hana budi kukiacha kitu kizuri cha bei nafuu.

Kabla ya kulipa, apime. Kipimo cha ukutani anacho, lakini wengi husahau ngazi. Kabati la milango mitatu lisilofunguka vipande haligeuki kwenye kona ya ngazi ya ghorofa ya pili. Apime upana wa ngazi pale inapokunja, apime mlango, ndipo aulize kabati linafunguka au halifunguki. Mchukuzi wa kirikuu aulizwe mapema bei yake ni hadi mlangoni au hadi chini ya jengo, maana kati ya hayo mawili kuna ghorofa tatu na ugomvi. Friji ibebwe imesimama. Ikilazimika kulazwa, ikifika iachwe imesimama saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake.

Malipo yafanyike kitu kikiwa mbele yake, na ni bora zaidi kikiwa tayari kinapakiwa. Akilipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri jina la mpokeaji hutokea. Alisome. Muuzaji aliyejitambulisha kwa jina la mwanamme na jina linalotokea ni la mwanamke lazima aeleze, na maelezo yawepo kabla ya pesa kuondoka. Kwa upande wa pili, muuzaji naye ana lake la kuangalia. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kuandikwa na mtu yeyote na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Asiuamini ujumbe, afungue menyu ya mtandao wake, kwa Vodacom ni *150*00#, atazame salio. Friji isishuke ngazi kabla salio halijapanda.

Dada yetu, kwa hesabu hii, anaweza kutoka na friji ya 420,000 na kabati la 200,000, akabakiwa na 80,000 za kirikuu, wachukuzi na fundi wa kulifunga kabati. Na fundi huyo ampate kwa swali lile lile: alimfungia nani, lini, na limesimama?

Nyumba yenyewe aliipataje? Hapa makundi yana udhaifu mkubwa, kwa sababu matangazo ya vyumba hayaletwi na majirani, yanaletwa na madalali. Dalali ni kazi halali na ya zamani mjini, na malipo yake yaliyozoeleka, kodi ya mwezi mmoja, yanajulikana. Shida ni kwamba chumba kimoja hupita kwa madalali wengi, kila mmoja na picha zile zile na bei yake, na mmoja wao huenda hajui hata kama kimeshakodishwa. Anayedai pesa kabla ya kukuonesha mlango hana haki nazo. Anayekuonesha mlango lakini hakukutanishi na mwenye nyumba hajafika nusu ya kazi yake. Kodi mjini mara nyingi huombwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hivyo mtu anatoa akiba yake yote kwa siku moja.

Katika majumba ya maendeleo kuna jambo la kuongezea. Nyumba za serikali zinasimamiwa na Shirika la Nyumba Zanzibar, na anayekaa ndani si lazima awe ndiye mwenye haki ya kumkodisha mwengine. Anayekodisha aoneshe jina lake limeandikwa wapi. Kisha mpangaji aende kwa sheha pamoja naye, si peke yake. Atahitaji kujulishwa kwa sheha hata hivyo, kwa kuwa barua ya sheha ndiyo itakayomfungulia mambo mengi baadaye, na tapeli hakubali kutembea hadi ofisi ya sheha. Atakuwa na dharura. Na kabla ya hapo, jioni moja, apande ngazi ya jengo hilo na kubisha hodi mlango wa pili. Wapangaji wengi hudhani ni ufidhuli. Bibi wa mlango wa pili anajua maji hupanda hadi ghorofa ipi, anajua mpangaji aliyetoka katoka kwa nini, na kwa kumsalimia tu mtu ameshaanza kupata jirani.

Limebaki lile linalovunja imani ya makundi haya kuliko fundi mbaya na kabati bovu. Ujumbe unatoka kwa jirani halisi, kwa jina lake na picha yake: "Samahani habibty, nimekwama, nitumie laki mbili kwa namba hii, jioni nakurudishia." Aliyeandika si yeye. Siku hiyo mapema alipokea ujumbe kutoka kwa mtu wa kundi hilo hilo: "Nimekutumia namba sita kwa makosa, naomba unirudishie." Namba hizo sita ndizo WhatsApp huzituma kumthibitisha mwenye laini. Alizirudisha kwa wema, na akaunti yake ikahamia kwenye simu ya mtu mwengine. Mwizi sasa yumo ndani ya makundi yote ya jirani huyo, la ngazi, la upatu na la madrasa, na kila aliyemo anaamini anazungumza na mtu anayemjua. Ndugu walioko Maskati na London ndio wanaotuma haraka, wakidhani wanamwokoa mtu wao.

Kinga yake ni kufungua mipangilio ya WhatsApp, kuingia kwenye akaunti, na kuweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba nyengine ya siri ya tarakimu sita ambayo unaichagua mwenyewe. Mwizi akipata zile za mwanzo atakwama hapo. Ikiwa kinga hiyo haikuwekwa na mwizi ameshaingia, msimamizi wa kila kundi aitoe namba ya jirani huyo mara moja na aandike kwa nini. Wanaoombwa pesa wapige simu ya kawaida, ile ya sauti, kwa namba ya zamani ya jirani. Namba iliyotajwa kupokea pesa ipelekwe TCRA kwa ujumbe kwenda 15040. Mwenye akaunti naye asajili WhatsApp upya kwenye simu yake kwa namba yake. Atatumiwa tarakimu sita mpya, na akiziweka mwizi anatolewa papo hapo. Lakini ikiwa mwizi ameshaweka uthibitisho wake wa hatua mbili, mwenyewe atalazimika kungoja siku saba ndipo aingie tena. Kwa wiki hiyo hatakuwemo kwenye kundi lolote, na anayemtafuta itambidi apige simu au apande ngazi akabishe hodi.